VPN imewashwa, bando la WhatsApp limebaki zima, la kawaida limeisha. Nani kaiba?

Wiki iliyopita alikuja dada mmoja hapa dukani, anauza vitenge kwa WhatsApp, amekasirika kweli. Alikuwa amejiunga mabando mawili ya wiki, moja la kawaida la GB 1.5 na lingine la mitandao ya kijamii la GB 2, na yeye mwenyewe anasema zaidi ya WhatsApp hafungui kitu. Siku ya tatu bando la kawaida limekwisha lote, la mitandao halijaguswa hata MB moja. "Kaka hawa watu wameniibia, niandikie malalamiko." Nikamwambia lete simu kwanza tuangalie, na pale juu ya kioo pembeni ya saa nikaona kaufunguo kadogo. VPN. Mpwa wake alimwekea ya bure tangu X ilipozuiwa huku kwetu Mei 2025, akaiacha imewashwa usiku na mchana.

Hakuna aliyeiba. Na hiki kisa kinaeleza VPN inafanya nini kuliko yale matangazo yote ya "jifiche mtandaoni", kwa hiyo leo tuanzie hapo.

Jiulize, kampuni ya simu inajuaje kwamba hizi MB ni za WhatsApp na zile ni za YouTube? Haisomi meseji zako, zile zimefungwa. Inaangalia mzigo unaenda wapi. Ukifungua kitu chochote simu kwanza inauliza namba ya seva husika, hilo swali ndio DNS, na kwa kawaida linajibiwa na mtandao wako wenyewe wa simu. Halafu simu inaipigia ile seva, na kwenye salamu ya kwanza kabisa inataja jina la websaiti kwa uwazi, kabla ya kufunga mlango. Hii ni hata kama kuna ile kufuli ya `https`, kwa websaiti nyingi jina linatajwa nje. Kufuli inaficha ulichosoma, ulichoandika na paswedi yako, ila haifichi umeenda kwa nani. Kwa hiyo mtambo wa kampuni ukiona jina la WhatsApp au namba ya seva zake unakata kwenye bando la mitandao, ukiona vingine unakata kwenye la kawaida.

Sasa washa VPN. Chukulia unatuma vifurushi kwa basi kutoka stendi ya Mbezi, kila kimoja kina jina la mpokeaji, karani anasoma anaandika. Siku moja unaamua kuvitia vyote kwenye kiroba kimoja, unakishona, juu unaandika jina la wakala wako Morogoro tu. Yule wakala ndio atakishonoa na kusambaza kila kifurushi kwa mwenyewe, na majibu yanarudi njia hiyohiyo. Karani wa Mbezi anajua umetuma kiroba, saa ngapi, kina kilo ngapi, kinaenda kwa nani. Basi. Hajui ndani kuna kitenge au sufuria.

Ndio yaliyomkuta dada yetu. Mtambo uliona kiroba kinaenda kwenye seva ya VPN huko Ulaya, haukuona WhatsApp popote, ukakata kwenye bando la kawaida. Mtambo haukukosea.

Kuna wateja huwa hawaamini mpaka waone, nao nawaonyesha kwenye laptopu ya dukani, naikamata mizigo inavyotoka kwa `tcpdump` wakati nafungua Wikipedia ya Kiswahili. Namba za seva hapa nimeweka za mfano na mistari nimeifupisha, lakini sura yake ndio hii. Kwanza bila VPN:

```
192.168.43.12.51514 > 192.168.43.1.53: A? sw.wikipedia.org.
192.168.43.12.40222 > 198.51.100.7.443: Flags [P.]
```

Unaona jina lipo wazi kabisa kwenye mstari wa kwanza. Halafu nawasha VPN ya aina ya WireGuard, nafungua ukurasa uleule:

```
192.168.43.12.38110 > 203.0.113.25.51820: UDP, length 148
203.0.113.25.51820 > 192.168.43.12.38110: UDP, length 92
192.168.43.12.38110 > 203.0.113.25.51820: UDP, length 96
203.0.113.25.51820 > 192.168.43.12.38110: UDP, length 1452
```

Wikipedia imepotea. Namba ya seva ni moja tu kwenda na kurudi, nifungue nini nifungue. Lakini usishangilie bado, angalia vizuri hiyo mistari miwili ya kwanza, baiti 148 kwenda na 92 kurudi. Ndivyo WireGuard inavyopeana mkono kila inapoanza, saizi ni hizohizo, kwa hiyo mwenye mtandao akitaka kujua kama unatumia VPN anajua. Anajua umeanza saa 3 usiku umemaliza saa 6, umevuta MB 700, tena mfululizo kama mtu anayeangalia video. Ukurasa gani au video gani hapo ndio hajui. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema VPN inaficha kwamba unatumia VPN mwambie si kweli, zipo zinazojaribu kujibadilisha sura lakini hizi za kawaida zinaonekana tu. Na kwa walioko Tanzania mkumbuke TCRA Oktoba 2023 walitoa tangazo la kutaka wanaotumia VPN waandikishe taarifa zao, mwisho ulikuwa tarehe 30 mwezi huohuo, sasa kama unaiweka kwa ajili ya ofisi hilo suala lifuatilie kwanza usije ukasema fundi hakukuambia.

Kiroba chenyewe nacho kina uzito. Kwenye mfano wangu kila mzigo mkubwa wa baiti 1420 unabebwa ndani ya mzigo wa 1480, baiti 60 ni gunia na uzi, yaani karibu asilimia 4 ya bando lako inaishia kwenye kufungasha. Vimizigo vidogovidogo vinakula zaidi. Na kama seva iko Uholanzi wewe uko Tandika unafungua websaiti ya Dar, mzigo unaenda Ulaya kwanza ndio urudi, halafu mtu analalamika simu nzito.

Upande wa pili, websaiti yenyewe inaona nini? Inaona mgeni katoka kwenye namba ya ile seva, haioni namba uliyopewa na mtandao wako. Ni hicho tu kilichobadilika. Ukiingia Facebook na akaunti yako ileile Facebook inajua ni wewe, si umejitambulisha mwenyewe mlangoni? Zile kuki, alama ambazo websaiti zimekuachia kwenye brauza tangu mwezi jana, bado zipo, ndio maana umeangalia viatu jana bila VPN na leo na VPN matangazo ya viatu yanakufuata vilevile. Aplikesheni uliyoiruhusu kuona lokesheni inasoma GPS ya simu, haina habari na VPN. Hata brauza inakuchoma, websaiti ikiuliza simu inafuata saa za wapi kwa mstari huu mmoja:

```
Intl.DateTimeFormat().resolvedOptions().timeZone
```

inajibiwa `Africa/Dar_es_Salaam`, na lugha ya simu ni Kiswahili, wakati namba inasema uko Amsterdam. Mdachi gani huyo. Baadhi ya benki zikiona hivyo zinakufungia akaunti kwa muda, tumeshaletewa simu za namna hiyo mtu analia hela zake hazitoki.

Sasa twende kwa wakala wa Morogoro, yaani mwenye VPN, maana huyu watu wanamsahau. Kila alichokuwa anakiona karani wa Mbezi sasa anakiona yeye, majina ya websaiti, saa, ukubwa, na zaidi ya hapo anajua namba yako halisi na umemlipa kwa njia gani. Kufuli ya `https` bado inamzuia asisome ndani, ila orodha ya unakokwenda anayo. Hujaondoa jicho, umelihamisha tu kutoka kampuni ya hapa yenye ofisi unayoijua kwenda kwa mtu usiyemjua yuko nchi gani. Na wa bure anaendesha seva kwa hela gani? Mfano mnaweza kuutafuta wenyewe, Onavo, ilikuwa VPN ya bure, Facebook waliinunua 2013, na kupitia hiyo wakawa wanaona watu wanatumia aplikesheni gani za washindani wao. Apple waliilazimisha itoke kwenye duka lao 2018, mwaka uliofuata Facebook wenyewe wakaifunga.

Makosa mawili ndio tunayakuta sana kwenye simu za wateja. La kwanza, VPN inakatika kimyakimya ukitoka waifai kwenda data au mtandao ukiyumba, na simu haisubiri, inaendelea kutuma mzigo wazi kama kawaida mpaka VPN irudi. Android nyingi zina dawa yake ndani ya setingi za VPN, unagusa kile kigurudumu pembeni ya jina la VPN, unawasha `Always-on VPN` na `Block connections without VPN`. Ukiwasha hiyo ya pili ujue VPN ikikatika intaneti yote inakata, usije dukani kusema simu imekufa. La pili ni hotspoti: umewasha VPN kwenye simu halafu unaigawia laptopu intaneti ukidhani na laptopu imefunikwa. Kwenye Android za kawaida haijafunikwa, laptopu inapita pembeni ya VPN, lazima uiwekee ya kwake.

Kwa dada wa vitenge tulifanya hivi. Ile ya bure tuliitoa, maana ilikuwa inaomba ruhusa ya kusoma majina ya simu, VPN na majina ya simu wapi na wapi. Tukamwekea nyingine ya kulipia ambayo inakuruhusu kuchagua aplikesheni zipi zipite ndani ya kiroba na zipi zipite nje, WhatsApp tukaitoa nje. Nikamweleza kabisa, hapa kampuni ya simu itajua unatumia WhatsApp, na saa ngapi, na kiasi gani, meseji na picha hawataziona. Akasema wajue tu, mimi nauza vitenge. Akarusha video moja ya mzigo mpya kwenye status palepale kaunta, tukasubiri kidogo, tukaangalia salio la bando: la mitandao limepungua MB 14.