Saa ya umeme kurudi isitajwe kabla laini haijakaguliwa

Mhariri,

Wateja wa umeme hapa Uganda wamezoea ujumbe wa simu wa aina hii: kuna hitilafu ya kiufundi, mafundi wanashughulikia, umeme utarudi baada ya saa nne. Sisi tunaofanya kazi ya kuongoza laini za umeme tunajua hizo saa nne mara nyingi zinatoka wapi. Mfumo wa kompyuta huzijaza wenyewe pale mtu anapoandikisha tatizo, hata kabla gari la mafundi halijawashwa. Tunaomba desturi hiyo ikome.

Tuchukue mfano wa kubuni. Mvua inanyesha Busia, laini ya kilovolti 11 inajizima saa 12:40 jioni. Swichi ya kituoni inajaribu kurudisha umeme yenyewe, inashindwa, inabaki wazi. Kufikia hapo, chumba cha kuongozea laini kinajua mambo mawili tu: laini ipi imezima na saa ngapi. Chanzo chaweza kuwa tawi la mti, kikombe cha kushikilia waya nguzoni kilichopasuka au nguzo iliyolala. Tawi huondolewa kwa nusu saa, nguzo huchukua nusu ya usiku. Saa yoyote ya kurudi umeme inayotajwa wakati huo ni ya kubahatisha. Ujumbe wa kwanza useme kinachojulikana, na badala ya saa ya umeme kurudi, utaje saa ya taarifa inayofuata:

"Umeme umekatika Busia mjini, Dabani na Masafu tangu saa 12:40 jioni. Chanzo hakijajulikana, mafundi wanakagua laini. Taarifa nyingine saa 2:30 usiku."

Majina ni ya mahali watu wanapoishi, si jina la laini ambalo mteja hajawahi kulisikia. "Jioni" na "usiku" visiachwe, maana saa 2 bila neno hilo wengine wataisoma kuwa mchana. Ujumbe wenyewe haufiki herufi 160, kwa hiyo unakwenda mzima. Mwandishi achunge alama ya ng': ile iliyopinda, ambayo kompyuta huiweka yenyewe, hushusha nafasi ya ujumbe mmoja hadi herufi 70. Atumie iliyonyooka.

Mafundi hufungua swichi ya katikati ya laini, kisha kituo kinawasha upande wa mjini. Umeme ukikaa bila kukatika tena, tatizo liko mbele ya swichi hiyo. Wanaifuata laini kwa tochi hadi wanaikuta nguzo chini. Sasa saa inaweza kuhesabiwa: kuleta nguzo, kuhakikisha laini imezimwa na kuifunga waya za ardhini, kuchimba shimo la mita 1.7 kwa nguzo ya mita 11, kusimamisha, kuvuta waya, kupima. Hesabu isiwe ya wastani, kwa sababu wastani unamvunjia mteja ahadi karibu nusu ya nyakati. Itajwe saa ambayo kikosi hicho huitimiza mara tisa kati ya kumi:

"Busia mjini: umeme umerudi saa 2:10 usiku. Dabani na Masafu: nguzo imeanguka, waya chini, usiguse. Inabadilishwa. Tunatarajia saa 7 usiku."

Mhudumu wa kituo cha afya akisoma hivyo anajua la kufanya. Chanjo zinatakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8, basi anaangalia kipimajoto cha friji na kuamua kama azihamishie kwenye sanduku la barafu mapema au awashe jenereta kwa mafuta yaliyopo. Akiambiwa "saa nne" halafu zikapita kimya, atakuwa ameamua vibaya kwa kutuamini sisi. Ndiyo maana kazi ikichelewa, saa mpya itumwe kabla ya ile ya kwanza kufika, pamoja na sababu: gari limekwama kwenye tope, au nguzo ya pili imepatikana imevunjika. Saa iliyokwisha kupita haisahihishiki.

Kosa linalotusumbua zaidi liko mwishoni. Swichi ya kituoni ikifungwa, mfumo unaihesabu laini yote kuwa imepona na kuwatumia wateja wote "umeme umerudi". Lakini radi ya mvua ileile huenda ilikata fyuzi za transfoma moja huko Masafu, na kituoni hilo halionekani. Kaya za transfoma hiyo zinabaki gizani, zikipiga simu zinajibiwa kwamba eneo lao lina umeme, na ripoti yao inafungwa. Ujumbe wa mwisho uongeze maneno haya: "Kama kwako bado, piga simu utaje nambari ya mita." Simu tatu za mita zilizo chini ya transfoma moja zinatosha kumtuma fundi na fyuzi mpya kabla kikosi hakijaondoka njiani.

Waongoza laini za umeme,
Mashariki mwa Uganda