Namba ya chesisi ikikosewa kwenye bima, andika "kusahihisha", usiandike "kubadilisha"

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwaeleze wenye magari jambo lililotusumbua nyumbani kwetu kwa wiki tano. Linahusu barua ya kuomba kosa lirekebishwe kwenye jedwali la hati ya bima, yaani ule ukurasa wenye jina la mwenye bima, anwani, namba ya gari, namba ya chesisi na tarehe za kuanza na kuisha. Tuliiandika barua hiyo mara mbili. Ya kwanza ilijibiwa upesi lakini haikutusaidia chochote.

Mdogo wangu ana Toyota Noah, mtumba wa Japani, aliyoikatia bima kubwa kuanzia tarehe 1 Machi. Tarehe 14 Juni gari la mbele yake lilifunga breki, naye akalivaa kwa nyuma. Bampa, taa moja na rejeta vikaenda. Mkadiria hasara alipofika gereji, kabla hata ya kupiga picha, alisoma namba ya chesisi iliyogongwa kwenye chuma na kuilinganisha na jedwali. Namba ya gari ilikuwa sawa, rangi sawa, lakini chesisi iliyo kwenye chuma iliishia na 81 na ile ya kwenye jedwali iliishia na 18. Akafunga daftari lake, akasema hawezi kuendelea mpaka kampuni ithibitishe kwamba gari lililokatiwa bima ndilo hili.

Magari mengi ya namna hii yana chesisi fupi ya Kijapani. Noah ya mdogo wangu inaanza na AZR60, kisha kistari, kisha tarakimu saba. Tarakimu hizo ni za mfululizo tu wa kiwandani, kwa hiyo mbili zikipishana namba inabaki na sura ya namba halali. Hakuna anayeweza kuitazama kwa macho akashtuka. Kosa linaonekana pale tu mtu anapoiweka kadi ya gari kando ya jedwali na kusoma tarakimu moja moja, na hilo hatukulifanya.

Tuliandika barua ya kwanza kwa haraka, tarehe 20 Juni: "Naomba mnibadilishie namba ya chesisi kwenye bima yangu, iliyopo imekosewa." Tukataja namba sahihi, tukatia sahihi. Baada ya siku chache ikaja hati ya marekebisho, namba imeandikwa vizuri, tukafurahi. Tulipoipeleka kwa wanaoshughulikia madai, yule dada alituonyesha mstari wa chini: marekebisho yanaanza tarehe 24 Juni. Ajali ilikuwa tarehe 14. Kwa karatasi ile, siku ya ajali gari lililokuwa na bima lilikuwa bado ni lile lenye 18, gari ambalo sisi hatulijui wala hatukuwahi kulimiliki.

Nilikasirika siku ile. Baadaye nilielewa kwamba aliyeiandaa hati alijibu kile tulichoomba. Mtu akiuza gari na kununua jingine, anaomba bima ibadilishwe, na badiliko hilo huanza siku anapoomba. Akihamia mtaa mwingine, ni vivyo hivyo. Sisi hatukuwa na badiliko lolote. Gari lilikuwa lile lile tangu mwanzo, ila lilikuwa limeandikwa vibaya. Kosa la uandishi linatakiwa kusahihishwa kuanzia siku bima ilipoanza, na barua isiposema hivyo waziwazi, karani hana sababu ya kurudi nyuma.

Kabla ya kuandika barua ya pili tulitafuta kosa lilikotoka. Nakala ya fomu ya maombi aliyoijaza mdogo wangu ilikuwa na 81. Kadi ya gari ilikuwa na 81. Jedwali la mwaka uliotangulia lilikuwa na 18. Basi ikajulikana kwamba wakala aliihuisha bima kwa kunakili jedwali la zamani, kosa likavuka mwaka pamoja nayo. Fomu ile ndiyo iliyotusaidia zaidi, kwa sababu inaonyesha mteja alitoa taarifa sahihi. Kama kosa lingekuwa kwenye fomu yenyewe, bado lingeweza kurekebishwa kwa kutumia kadi, ila tungekuwa na maelezo mengi zaidi ya kutoa.

Barua ya pili ilisema hivi, nami nawapa wasomaji waitumie wakihitaji:

"Yah: Kusahihisha kosa la uandishi katika jedwali la hati ya bima namba (iandike hapa). Jedwali linaonyesha chesisi (namba yenye kosa, yote). Namba sahihi ni (namba sahihi, yote), kama ilivyo kwenye kadi ya gari na kwenye fomu yangu ya maombi. Gari halijabadilika na hakuna taarifa nyingine iliyobadilika. Naomba mtoe hati ya marekebisho itakayotumika kuanzia tarehe 1 Machi, siku bima ilipoanza, bila nyongeza ya ada, na mrekebishe taarifa hiyo hiyo kwenye mfumo wa stika. Naambatisha nakala ya kadi ya gari, fomu ya maombi, jedwali lenye kosa na picha ya namba iliyogongwa kwenye gari."

Tulipeleka nakala mbili, moja ikagongwa muhuri wa kupokelewa ikarudi nasi. Hati mpya ilipotoka ilisomeka kuanzia 1 Machi, na dai likaanza kushughulikiwa wiki hiyo hiyo.

Suala la mfumo msilipuuze. Siku hizi bima ya gari inasajiliwa kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka inayosimamia bima nchini, na taarifa za huko ndizo anazoziona mtu akiihakiki. Karatasi inaweza kusahihishwa na mfumo ukabaki na namba ya zamani. Ukishapewa hati ya marekebisho, ihakiki bima yako huko kabla hujaliacha jambo hilo.

Kwa jina lililokosewa, barua ni ile ile, ila kiambatisho kikuu ni kitambulisho cha taifa pamoja na kadi ya gari. Hapa nawaomba muwe waangalifu: kama kadi bado ina jina la aliyekuuzia, hilo si kosa la uandishi. Kamilisha kwanza uhamisho wa umiliki TRA, kwa maana hakuna barua ya masahihisho itakayoziba pengo hilo. Anwani ikikosewa haizuii sana malipo, lakini barua za kampuni zinakwenda kwa mtu mwingine, nawe hujui.

Kwa mawakala nina ombi moja. Mnapohuisha bima, dai kadi ya gari upya na uandike kutoka kwenye kadi, si kutoka kwenye jedwali la mwaka jana wala kwenye picha ya simu yenye ukungu. Kisha mpeni mteja jedwali alisome chesisi kwa sauti mbele yenu. Ni dakika mbili, na kosa likigunduliwa hapo linafutwa kabla stika haijatoka.

Mwalimu mstaafu,
Kihonda, Morogoro