Barua kwa sahibu yangu: ile dua yako ya basi

Sahibu yangu,

Salamu nyingi. Barua yako nimeipata, na utenzi uliouambatanisha, ile dua ya kuwaombea abiria kabla basi halijaondoka, nimeusoma mara tatu: mara ya kwanza kimya, mara ya pili kwa sauti, mara ya tatu nikijifanya abiria wa kiti cha nyuma mwenye mtoto mapajani. Hiyo ya tatu ndiyo iliyonifanya nichukue kalamu.

Kwanza nikutoe wasiwasi. Mizani yako imetimia nane kila mshororo, vina vitatu vya juu vinalingana, na bahari, kile kina kinachofunga kila ubeti, umeishika kwa "ma" mwanzo hadi mwisho. Kwa kanuni sina la kusema. Tatizo ni kwamba utenzi huu utasomwa ndani ya basi, milango ikiwa imefungwa, na wasikilizaji hawana pa kwenda. Sikiliza ubeti wako wa tatu kama wao watakavyousikia:

Tairi lisipasuke
Na basi lisipinduke
Mifupa isivunjike
Tufike tuli wazima

Wewe umeomba mambo matatu yasitokee, wao watayaona yote matatu yakitokea. Ndivyo ukanushi ulivyo: ili mtu aelewe "lisipinduke", lazima kwanza alione limepinduka. Ile "si" katikati ya kitenzi ni ndogo mno kuifuta picha hiyo. Na vipande vyako vitatu vinapanda kama ngazi, tairi, basi, mifupa. Ukifika kwenye "wazima" nusu ya abiria hawakusikii tena, wanahesabu madirisha.

Usidhani nakucheka, nami niliyafanya hayo. Zamani niliombwa dua ya msafara nikaandika tarbia ya beti saba, na kituo changu kilikuwa "Rabi twakuomba sana, tuepushe na ajali". Nilijiona mjanja kwa kibwagizo hicho. Kumbe kibwagizo ndicho watu wanachoondoka nacho, nami nilikuwa nimewatajia ajali mara saba ndani ya dakika tatu. Nilipomaliza, kabla ya amina, mtoto mmoja akauliza kwa sauti yake yote, "Mama, kwani tutapata ajali?" Mama hakujibu. Safari nzima nilikaa nikitazama kisogo cha mtu wa mbele yangu.

Baadaye nikagundua kwamba kosa lilianzia kwenye kina, kabla hata ya kibwagizo. Nilichagua "li" kwa kuwa nilitaka kumwita Mungu Jalali. Lakini kina huita ndugu zake: Jalali akifika, ajali yuko mlangoni. Ukichagua "ti", mauti atakuja bila kualikwa. Kwa hiyo kabla ya kuandika dua ya namna hii, orodhesha kando maneno ishirini ya kina unachokitaka, uone ni wageni gani watabisha hodi. "Ma" yako ni nzuri: njema, salama, neema, hekima, Karima, mama. Ina "zama" na "kwama" pia, ila hao unaweza kuwaacha nje bila ubeti kuyumba.

Sasa turudi kwenye ule ubeti. Sitaki uufiche ukweli. Kila mtu ndani ya basi anajua kwa nini mnaomba, na dua inayojifanya haina haja yoyote haimtulizi mtu. Ninachokuomba ni kugeuza upande wa ombi: taja unachotaka kiwepo. Hutaki tairi lipasuke, basi unataka nini? Unataka lishike barabara. Liombe hilo.

Barabara ifunguke
Na gurudumu lishike
Kila kona tuivuke
Tufike tuli wazima

Kina ni kilekile, mizani ni zilezile, na haja ni ileile. Kona nimeitaja, maana kona ipo na kila mtu ataiona, lakini sasa tunaivuka. Mshororo wako wa mwisho sikuugusa. "Wazima" ni neno zito kidogo, ila ni neno la kweli, na ubeti ukiwa mtulivu hapo juu unaweza kulibeba.

Ukitaka kuona wakubwa wa kazi hii walivyofanya, soma Zaburi ya 121, ambayo wasafiri wengi huisoma. Neno la kulinda linarudi tena na tena, na vinavyotajwa kuwa vya kumsumbua msafiri ni mguu, jua na mwezi, kisha mengine yote yanakusanywa katika "mabaya", basi. Dua inayosomwa na Waislamu wanapopanda chombo, kutoka Qurani 43:13-14, inaanza kwa kumtakasa aliyetutiishia chombo chenyewe ambacho kwa nguvu zetu tusingekiweza. Ndiyo maana ubeti wako wa kwanza, ulioingia moja kwa moja kwenye "tulinde", nimeubadilisha uwe wa shukrani. Anayeanza kwa kushukuru hasikiki kama mtu anayekimbizwa.

Mola tunakushukuru
Umetupa hii nuru
Na watu wa kuwazuru
Na siku iliyo njema

Ubeti wa dereva ulinipa kazi. Umemwombea asilewe, asisinzie, asikimbize gari. Sahibu, huyo mtu ameketi hapo hapo anasikia! Umemvunjia heshima mbele ya watu atakaowaendesha usiku kucha, na abiria nao wataanza kumchungulia kwenye kioo. Mwombee kama unavyomwombea mtu unayempenda, umtajie viungo vyake vya kazi:

Dereva umpe nguvu
Macho yawe maangavu
Moyo na uvumilivu
Na mguu wa hekima

Akili ya kutopita gari jingine mlimani imo humo ndani, kwenye uvumilivu na kwenye mguu. Ataisikia bila kuambiwa. Ila usijaribu kuingiza mikanda ya viti kwenye utenzi, kama ulivyodokeza. Mikanda itangazwe kwa maneno makavu kabla dua haijaanza. Ombi likichanganywa na amri, watu hawajui kama waitikie amina au wainame kutafuta kifungo.

Nimefika sasa kwenye ubeti wa usiku, na hapa ndipo nilipoiweka karatasi chini nikacheka peke yangu, Mungu anisamehe. Umeandika:

Usiku ukiingia
Na macho yakisinzia
Tulaze pema Jalia
Kwa yako njema rehema

Najua ulikusudia usingizi mzuri kitini. Lakini ni lini mara ya mwisho ulisikia "laze" na "pema" vikikaa pamoja? Makaburini! Mungu ailaze roho ya marehemu mahali pema. Na kana kwamba haitoshi, mshororo unaofuata umeleta rehema, ambayo peke yake ni neno tamu, ila ikiketi karibu na "pema" inageuka kuwa marehemu masikioni mwa watu. Umewazika abiria wako kabla injini haijawashwa.

Kiswahili chetu kimeyakopesha maneno mengi ya safari kwa mauti, na hayarudi yakiwa safi. "Mwisho wa safari", uliyoitumia kwenye ubeti wa tano, ni mojawapo. "Tupumzishe", "tupokee", "tufike kwako", "tukutane mbele", yote haya nje ya basi hayana kosa, ndani ya basi yananuka ubani. Njia yangu ya kuyakamata ni rahisi: nauchukua kila mshororo peke yake, najiuliza kama ungeweza kusomwa msibani bila mtu kushtuka. Ukiweza, naubadilisha, hata kama ni mzuri. Hasa kama ni mzuri, kwa sababu huo ndio utakaokumbukwa.

Lipo na jambo la pili kwenye ubeti huohuo, dogo lakini lina meno: "macho yakisinzia" ni macho ya nani? Hukusema. Na usiku, ndani ya basi, macho ya kwanza watu wanayoyafikiria ni ya yule aliyeshika usukani. Mpe usingizi mwenyewe anayestahili kuwa nao:

Usiku ukiingia
Watoto wakisinzia
Wewe unatwangalia
Hulali, Mola Karima

Kwamba Mungu halali wala hasinzii, Mkristo atalikuta kwenye Zaburi ileile ya 121, na Mwislamu atalikuta kwenye Ayatul Kursi. Basi lako litakuwa na wote wawili, na mshororo huo hautamwacha yeyote pembeni. Kwa sababu hiyohiyo nimetumia Mola na Karima, majina ambayo kila mmoja anaweza kuyaitikia amina bila kujiuliza.

Ubeti wa mwisho nimeuandika upya wote. Wako ulikuwa unarudia ombi la ulinzi kwa maneno mengine, na ombi linalorudiwa mwishoni linasikika kama mtu asiyeamini amesikiwa. Badala yake nimewafikisha:

Mlango ukifunguka
Na mizigo ikishuka
Tuwaone wakicheka
Ndugu, jamaa na mama

Nilijaribu kwanza "furaha" na "shangwe", yakaelea hewani. Mzigo unaoshuka kila abiria anaujua, ameshausubiri mara nyingi ubavuni mwa gari, akihofia begi lake limebadilishwa. Ukimpa picha hiyo ya kufika, anakwenda nayo njiani badala ya ile mifupa yako.

Beti tano, basi. Mishororo ishirini yatosha. Dua ikizidi sana watu huanza kushuku kuna jambo mnalijua ninyi mnaowaombea. Isomwe mizigo ikiwa imeshapakiwa na kila mtu ameketi, injini ikiwa bado imezimwa, maana ukisoma juu ya ngurumo utalazimika kupaza sauti, na dua iliyopazwa husikika kama onyo. Tumia sauti unayotumia kuagana na mgeni mlangoni. Amina iwe moja, mwishoni. Ukiwaitikisha kila ubeti, wa nyuma watachelewa, wa mbele watawahi, na mwendo utakatika.

Moja la mwisho. Kwenye "na mguu wa hekima" usikimbie. Ile "m" ya mguu ni mizani kamili; ukiimeza, mshororo unabaki na saba na kituo kinachechemea. Kadhalika "umpe". Jizoeze kuvisoma hivyo viwili mara kadhaa kabla ya siku yenyewe, kisha uniandikie mkishafika, uniambie ilikuwaje. Nataka hasa kujua watoto walisema nini.

Ni mimi,
sahibu yako