Ng'ombe si sanamu, wala si benki

Mhariri,

Nimesoma gazeti lako kimya kwa miaka mingi, ila ile makala yenu ya ukame katika ukanda wa ng'ombe wa Uganda imenishinda. Mwandishi wenu anasema wafugaji huacha mifugo ife kwa sababu wanaipenda kuliko pesa. Angepiga hesabu kwanza, mapenzi tungeyazungumza baadaye.

Nyasi zikiwepo, ng'ombe jike hushinda akiba nyingi za kijijini. Akizaa kila baada ya mwaka na nusu na ndama wakapona, ndani ya miaka mitatu mmoja amekuwa watatu, na maziwa yamenywewa. Toa dawa ya kupe, toa ndama anayechukuliwa na ndigana kali, bado kuna faida. Lakini riba hiyo hulipwa na nyasi. Nyasi zikikauka mnyama huanza kujila mwenyewe, na hapo ndipo makala yenu ilipopotea.

Chukua familia ya Nakasongola yenye maksai wa kilo 250. Tuseme mwishoni mwa Mei kilo moja ya mnyama hai inauzwa shilingi 6,000, na kilo ya mahindi 1,000. Maksai huyo ni shilingi 1,500,000, yaani kilo 1,500 za mahindi. Wakisubiri hadi Agosti, amepungua kilo 40, na kwa kuwa kila jirani naye anauza, bei imeshuka hadi 4,500. Sasa ni shilingi 945,000. Mahindi nayo yamepanda hadi 1,500, kwa hiyo maksai yuleyule analeta kilo 630 tu za mahindi. Hakufa, hakuugua, hakuibwa. Amesubiri tu miezi mitatu, na zaidi ya nusu ya chakula alichobeba mgongoni imepotea! Mwandishi wenu anahesabu mizoga. Hasara kubwa huwapata wale waliouza mifugo ikiwa hai, ila wamechelewa, na hao hakuna anayewapiga picha.

Kwa hiyo siku ya kuamua si ile mbavu zinapohesabika. Huku kwetu mvua ya kwanza huja Machi hadi Mei na ya pili huanza Septemba. Mwisho wa Aprili nenda kwenye lambo. Kama maji hayajafika nusu na nyasi hazijapita kifundo cha mguu, uza kabla ya Juni, wakati mgongo wa mnyama bado una nyama pande zote mbili za uti. Aanze maksai, kisha jike ambaye hajashika mimba kwa miaka miwili, kisha mzee ambaye meno yake yameisha, maana huyo ndiye hushindwa kwanza kula nyasi kavu. Mtamba mwenye mimba haguswi. Ukimuuza yeye umeuza akiba na riba yake pamoja, na mvua ikirudi kila mtu atakuwa anatafuta mtamba, bei haishikiki.

Kuna wanaojifariji kwamba mbuzi watawaokoa. Mbuzi huuzika haraka, kweli, lakini ugonjwa wa midomo na kwato ukiingia na karantini ikatangazwa, gulio hufungwa kwa ng'ombe, mbuzi, kondoo na nguruwe kwa pamoja. Kibali hakitoki. Ndiyo maana karo ya muhula mmoja ikae kwenye chama cha akiba na mikopo kama pesa taslimu, isikae zizini.

Na tukifika huko gulioni, hebu mtuandikie siku moja kuhusu mizani. Iko wapi? Dalali humpiga mnyama kofi mgongoni, anasema "kilo mia mbili," basi imekuwa mia mbili. Futi ya fundi cherehani ingemuumbua: pima mzunguko wa kifua nyuma ya miguu ya mbele, kisha urefu kutoka ncha ya bega hadi mfupa wa matako, vyote kwa sentimita. Zidisha mzunguko kwa mzunguko, kisha kwa urefu, gawanya kwa 10,840. Kifua 150 na urefu 120 ni karibu kilo 249. Ni makadirio, na mnyama aliyetoka kunywa maji hudanganya kidogo, lakini hayadanganyi kilo hamsini kama kofi la dalali. Halafu shule zinapofunguliwa madalali hao hao wanajua kila mzazi ana barua ya karo mfukoni, na kofi linazidi kuwa jepesi.

Ombi langu ni dogo. Ule ukurasa wa utabiri wa mechi za Ulaya, kateni robo yake kila Ijumaa. Chapisheni bei ya kilo ya ng'ombe hai na bei ya kilo ya mahindi, bega kwa bega, za magulio matatu tu. Na pembeni mchore futi, ya urefu wa kweli, tuikate kwa mkasi.

Mfugaji,
Nakasongola