Barua kwa vijana waendesha dampa: safari 55 zilitoka wapi?

Wanangu wa Nyakato, Igoma na Kirumba mnaosaka kazi migodini,

Wiki iliyopita kijana mmoja alinifuata hapa Kirumba na wasifu wake mkononi, niusome kabla hajaupeleka Geita. Niliendesha mitambo miaka mingi, kisha nikawa msimamizi wa shifti, kwa hiyo wasifu wa opereta nausoma kama mama wa Mwaloni anavyochambua dagaa: mchanga nauona mapema.

Aliandika hivi: "Nimeendesha Caterpillar 777 miaka 4, safari 55 kwa shifti, nikavuka lengo kwa asilimia 20 kila mwezi." Nikamwambia, mwanangu, hapa atakayekuhoji atachukua kalamu. Tukaichukua sisi kwanza.

Barabara yake ilikuwa kilomita 2.4 kutoka shimoni hadi kwenye jalala la mawe, nusu yake rampu yenye mwinuko wa asilimia 10. Gari lililojaa likipanda pale hutambaa kama kilomita 12 kwa saa, kwa hiyo rampu pekee inakula dakika 6. Sehemu tambarare ni dakika 3, kurudi tupu 5, kujipanga chini ya eskaveta, kupakiwa ndoo tano na kumwaga jumla 5, foleni 3. Mzunguko mmoja unatimia dakika 22. Shifti ni saa 12, lakini toa ukaguzi wa gari, chakula, kubadilishana shifti na kusubiri ulipuaji, zinabaki kama saa 10. Dakika 600 ukigawa kwa 22 ni safari 27. Kwa tani 90 kila safari unapata tani 2,430, na hiyo ni shifti njema. Safari 55 zinataka mzunguko wa dakika 11. Katika barabara ile haziwezekani.

Kijana hakuwa mwongo. Tulipochimba kumbukumbu zake, ikaonekana 55 alizifikisha miezi michache alipokuwa akihamisha mawe ya dhahabu kutoka lundo hadi kwenye kisagio, mita 500 tu bila rampu. Alichanganya kazi mbili katika mstari mmoja. Ukitaja safari, taja umbali na mwinuko. Bila hivyo namba haina maana.

Halafu ile asilimia 20. Lengo la uzalishaji ni la kruu nzima: eskaveta ikikwama, dampa zote zinasimama. Kuna ubaya mwingine: msomaji mzoefu atajiuliza kama ulivuka lengo kwa kubebeshwa kupita kiasi. Kanuni ya Caterpillar inasema mizigo inayozidi asilimia 110 ya uzito uliopangwa isizidi mmoja katika kumi, na usiwepo hata mmoja unaopita asilimia 120. Mzigo mkubwa unaumiza matairi, fremu na breki, hasa ukiteremka nao. Kwa hiyo wastani wa uzito kwa safari, uliosomwa kwenye mizani ya gari lenyewe, unamsifu opereta kuliko majigambo.

Mstari wake sasa unasomeka: "Caterpillar 777, saa 6,800 kwenye usukani, umbali kilomita 2.4, rampu asilimia 10. Wastani safari 26 kwa shifti, tani 90 kwa safari. Kruu yetu ilifikia lengo la mwezi mara 9 kati ya 12." Ile mara 3 waliyokosa niliisisitiza ibaki. Mvua za masika zilifunga rampu, naye ataulizwa, na ana jibu.

Kwenye usalama aliandika "sijawahi kupata ajali". Mimi niliwahi. Usiku mmoja nilirudi nyuma kumwaga, tairi likapanda tuta la usalama kwa sababu lilikuwa limemomonyoka chini ya nusu ya tairi. Nilisimama, nikaita kwenye redio, doza akalijenga upya. Hakuna aliyeumia, ila niliiripoti, na tangu hapo nalitazama tuta kabla ya kugeuza gari. Andika "hakuna jeraha lililonikosesha shifti" pamoja na idadi ya saa zako kwenye usukani, kisha tukio moja uliloripoti na kilichobadilika baada yake. Wasifu usio na tukio hata moja kwa miaka minne ndio unaonifanya nipige simu mgodini kuuliza.

Leseni: daraja kama lilivyo kwenye kadi, na mwisho wake. Kibali cha mgodi kiwe mstari wake peke yake, kwa aina ya mtambo, kwa kuwa ukihamia mgodi mwingine utapimwa upya. Zamu nazo usiziache: siku 14 kazini na 7 nyumbani, ngapi zikiwa za usiku. Atakayekuajiri anataka kujua kama mwili wako unaujua usiku.

Kijana amekwenda kuuchapa upya. Nimemwambia apitie kwangu kabla ya kupanda basi, kwani hizo saa 6,800 bado hajanionyesha daftari lake.

Mzee wenu, Kirumba