"Mzungu" si tusi, ila si jina la kumwitia mtu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nimjibu msomaji aliyependekeza kwamba neno "mzungu" liachwe kwa kuwa ni la kibaguzi, na ambaye alieleza kuwa asili yake ni kuzunguka, kwa sababu Wazungu wa kwanza walionekana wakizunguka ovyo barani bila shughuli inayoeleweka.

Maelezo hayo yamezoeleka sana, na kuwepo kwa undugu kati ya "mzungu", "zunguka" na "kizunguzungu" si jambo la kubishia. Kinachonitia shaka ni hicho kisa cha kuzurura. Wayao walikuwa wakitembea kutoka upande wa Ziwa Nyasa hadi Kilwa na pembe za ndovu, miezi na miezi njiani, tena zamani sana kabla Livingstone hajapita hapa Mikindani mwaka 1866, na hakuna aliyewaita wazungu. Isitoshe, mtu anayezunguka tungemwita mzungukaji, kama tunavyosema mwimbaji na msomaji.

Sisi wa Kusini tuna sababu ya kulitazama neno hili kwa jicho jingine, maana tunalo "mzungu" la pili ambalo wingi wake si "wazungu" bali "mizungu". Aliyepita unyagoni au jandoni anajua mizungu ni nini: ni mafunzo ya mafumbo ambayo mwari hupewa, na ambayo asiyefundwa akiyasikia hatoki na kitu. Katika Kiswahili cha zamani mzungu ulikuwa pia jambo la ajabu, werevu au hila ya kushangaza, na kamusi ya Frederick Johnson ya mwaka 1939 inazo maana zote mbili, ya mtu wa Ulaya na ya maajabu. Kwa maoni yangu, mtu aliyeshuka melini na saa, darubini na bunduki za aina isiyojulikana alistahili zaidi kuitwa mtu wa mizungu kuliko mtu wa kuzurura, ingawa sitagombana na atakayesema kuwa maana hizo zote zilichangia.

Wala rangi ya ngozi haikuwa jambo pekee. Ng'ambo ya Ruvuma, katika bonde la Zambezi, walioitwa "muzungu" ni mabwana wa mashamba makubwa yaliyotolewa na mfalme wa Ureno, na wengi wao baada ya vizazi kadhaa walikuwa machotara waliozaliwa na kuoa huko huko. Waliitwa hivyo kwa ukubwa wao. Hata kwetu leo Mwarabu mweupe kiasi gani haitwi mzungu, ilhali Mmarekani mweusi akifungua mdomo tu watoto humwita hivyo.

Sasa nije kwenye hisia, kwani hapo ndipo msomaji mwenzangu ana hoja, ingawa ameishikia mahali pasipo pake. Nina jirani, mwalimu kutoka Ulaya, ambaye amekaa hapa miaka mingi na Kiswahili anakijua. Siku moja tulifuatana kununua samaki. Mchuuzi alimwita, "Mzungu! Njoo, tasi wabichi hawa!" kisha akanigeukia mimi, "Karibu, mama." Jirani yangu akamuuliza kwa upole, "Mwenzangu ni mama, mimi mbona kabila?" Yule kijana alishtuka kwelikweli, akaapa kuwa hajamtukana mtu. Na kweli hakutukana. Lakini huyo huyo hathubutu kumwita mteja wake "Mmakonde! Njoo!" au "Mmwera! Samaki!", kwa kuwa amelelewa kumwita mtu mama, kaka, dada, mzee au shangazi, na kabila ni la kutajwa pale tu linapohusika.

Kwa hiyo kusema "yule mzungu anayefundisha sekondari" ni kumweleza mtu, na sijaona anayekasirika. Kumpigia mtu kelele "mzungu" usoni ni kumnyima heshima ambayo tunampa kila apitaye. Wapo wageni wanaocheka na wengine huvaa fulana zenye neno hilo kifuani. Hao mara nyingi ni wa kupita. Wanaoumia ni waliokaa, wanaojulikana majina, na ambao bado huitwa hivyo na mtoto wa nyumba ya pili.

Pendekezo la msomaji kwamba tutumie "mgeni" badala yake silikubali. Jirani yangu aliniambia wazi kwamba kati ya maneno hayo mawili, "mgeni" ndilo linalomuuma zaidi, kwani "mzungu" humwambia alikotoka, na "mgeni" humwambia kwamba hajafika.

Wako,
Mama wa Mikindani,
Mtwara