Barua kwa Neema: njia ya kutoka mapokezi

Igoma, Mwanza

Mpendwa Neema,

Habari za Sengerema? Mama hajambo? Nimefurahi mno kusikia umeitwa kwenye usaili. Maswali ya kazi najua umeyaandaa, kwa hiyo nakuandikia kuhusu ile njia fupi ya kutoka mapokezi hadi chumba cha usaili, maana hapo ndipo nilipojikwaa.

Usaili wangu wa kwanza ulikuwa kwenye kampuni moja ya samaki. Alikuja baba mmoja kunichukua. Nikampa shikamoo, akaitikia, tukaanza kupanda ngazi. Akauliza, "Umefika salama?" Nikajibu, "Salama." Basi. Ghorofa mbili tulisikiliza viatu vyetu tu. Kumbe naye alikuwa kwenye jopo. Nilipoketi mbele yao sauti ilitoka imekauka, kwani tangu asubuhi nilikuwa sijaongea na mtu.

Mara ya pili, ofisi nyingine, dada aliyenifuata akauliza swali lilelile. Nikamwambia, "Salama, dada. Nimetoka Igoma, mvua ikanikuta Buzuruga. Huku nanyi imewanyeshea?" Akacheka, akasema yeye amelowa tangu Kirumba. Tulifika mlangoni bado tunaongea, na swali la kwanza la jopo nililijibu kwa sauti ileile. Nilimjibu, nikamwongezea kitu kidogo cha kweli cha kushika, kisha nikamrudishia swali. Usizidishe hapo, njia yenyewe ni ya dakika moja.

Wewe una daraja la Kigongo–Busisi. Tangu lifunguliwe Juni 2025, watu wa huku hawachoki kukumbushana foleni za kivuko. Ukiulizwa safari, sema umepita darajani, kisha muulize kama yeye ameshavuka. Ila usilalamikie nauli wala basi, hata kama una haki: mtu uliyekutana naye sasa hivi hana la kukujibu zaidi ya pole. Mshahara nao usiuguse kwenye ngazi.

Mkiwa mnasubiri, salimia mlinzi, dada wa mapokezi na wasailiwa wenzako. Ongeeni chochote isipokuwa nani amesoma wapi na ana uzoefu wa miaka mingapi, utaingia na hofu ya mtu mwingine. Mwenzako akijibu neno moja na kurudi kwenye karatasi zake, mwache. Hata anayekuja kukuchukua, akitembea huku anasoma simu, tembea naye kimya. Mara nyingi ana mambo yake, hajakukataa.

Kwenye usaili wa maswali yenye alama, maongezi haya hayakuongezei hata moja, Neema. Kazi yake ni kukufungua koo.

Njoo Jumatano ulale kwangu. Ukishuka Nyegezi nipigie, nije kukupokea. Nitapika sato, ila kabla ya kula nitakuuliza, "Umefika salama?", nisikie utanijibuje.

Wako akupendaye,
Rehema